Niko Arua, faili liko kwenye kompyuta ya nyumbani Bombo: folda ya pamoja, SFTP au Syncthing?

Mama_Vipimo — Jumanne, saa 2:10 usiku

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mpima ardhi, nyumbani ni Bombo, lakini kazi hunipeleka Arua, Koboko na Moyo wiki nzima nzima. Kompyuta yangu kubwa ya mezani imebaki nyumbani, ina Windows 11, na intaneti yake inatoka kwenye ruta ndogo ya laini ya simu.

Leo asubuhi nilihitaji ramani moja iliyoskaniwa, kama megabaiti 180. Nilimpigia mtoto wa dada yangu aliye nyumbani anitumie kwa WhatsApp. Akatuma. Kumbe katika folda ile kuna ramani tatu zenye majina yanayofanana, naye alituma ya mwezi wa pili, kabla mipaka haijasahihishwa. Nimegundua nikiwa shambani, majirani wawili wamesimama na mwenyekiti wa LC1 anangoja. Nimelazimika kuwaomba warudi kesho. Sitaki jambo hili lijirudie, kwa sababu mpaka ukiwekwa kimakosa watu hugombana miaka.

Nikiwa nyumbani, laptopu yangu inaiona folda ya mezani vizuri, naandika `\\MEZANI\Kazi` inafunguka. Nikiwa Arua haifunguki kabisa. Nimesoma kwamba kuna njia tatu: kuendelea na folda hii ya pamoja, kuchukua mafaili kwa mbali kwa SFTP, au programu ya kulandanisha kama Syncthing. Nichague ipi? Nataka niweze kuchukua faili lolote mwenyewe bila kumsumbua kijana.

---

Fundi_Tororo — saa 2:31 usiku

Pole na safari dada. Folda ya pamoja inatosha, usijitie gharama. Ingia kwenye ruta, fungua poti 445 ielekee kompyuta ya mezani, kisha chukua jina la bure la intaneti linalofuata anwani yako ikibadilika. Ukifika Arua unaandika jina hilo badala ya `MEZANI`. Nilifanya hivyo ofisini mwaka 2015 na ilifanya kazi miaka.

---

nyaya_na_seva — saa 3:05 usiku

Dada, tafadhali usifungue 445 kwa dunia nzima. Naheshimu uzoefu wa kaka wa Tororo, lakini mambo yalibadilika Mei 2017, pale kirusi cha WannaCry kilipoenea kwa kupitia mlango huohuo wa folda za pamoja za Windows. Kompyuta nyingi zilifungwa mafaili bila mwenyewe kubofya kitu. Tundu lile liliishazibwa, lakini kampuni nyingi za intaneti huufunga mlango huo zenyewe. Kwa hiyo unaweza kuufungua kwenye ruta na bado kisipite chochote.

Kabla ya kuchagua chombo, kuna jambo moja la kuangalia, maana ndilo litakaloamua. Mwambie kijana afungue ukurasa wa ruta, asome anwani iliyoandikwa upande wa WAN. Halafu, kwenye kompyuta hiyohiyo, afungue tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya intaneti. Tuletee namba za mwanzo za kila moja. Usiziweke zote hapa.

---

Mama_Vipimo — saa 3:40 usiku

Asante kaka. Kwenye ruta inaanza na 100.81. Kwenye tovuti inaanza na 41. Hazifanani kabisa. Ni tatizo?

---

nyaya_na_seva — saa 3:58 usiku

Ndilo jibu lenyewe. Anwani zinazoanzia 100.64 hadi 100.127 zimetengwa kwa kampuni za simu kugawia wateja ndani kwa ndani. Ile ya 41 mnaitumia pamoja na wateja wengine wengi. Fikiria nyumba nyingi zenye sanduku moja la posta: barua yako ikitoka inatoka vizuri, jibu linarudi kwako kwa sababu posta inakumbuka nani aliandika. Lakini mgeni akiandika barua mpya kwa sanduku lile, posta haijui ampelekee nani.

Maana yake, kufungua poti kwenye ruta yako hakutasaidia, iwe 445 ya folda au 22 ya SFTP. Ukifungua ruta yako, lango la kampuni mbele yake bado limefungwa. Wengi hukesha wakibadilisha poti usiku kucha, wakidhani wamekosea mahali, wakati hawajakosea popote.

Njia inayobaki ni kompyuta ya nyumbani yenyewe ianze mazungumzo kwenda nje. Syncthing hufanya hivyo. SFTP haifanyi peke yake, lakini ukiiweka juu ya mtandao binafsi kama Tailscale, inafanya kazi.

---

Mwalimu_wa_Muni — Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Mimi niko hukuhuku Arua, na natumia Syncthing mwaka wa sita. Sijawahi kugusa ruta. Unaweka kwenye mashine mbili, unabadilishana namba ndefu za utambulisho, unachagua folda, basi. Zikishindwa kuonana moja kwa moja, hupitia mashine za watu wa kujitolea zinazopokezana, na mafaili yamefumbwa njiani, wapokezaji hawayasomi.

Niwaambie kwa nini naipenda. Januari 2021, mtandao ulipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, mitihani yangu yote ilikuwa tayari ndani ya laptopu. Mwenzangu aliyekuwa akichota kila kitu kutoka mashine ya mbali hakuwa na ukurasa hata mmoja. SFTP inahitaji njia iwe wazi saa ileile unayohitaji faili. Ulandanishaji unahitaji njia iwe ilikuwa wazi wakati fulani kabla. Kwetu huku tofauti hiyo ni kubwa.

---

binti_Jinja — saa 2:02 asubuhi

Samahani kuingilia, nami natumia hiyo Syncthing. Natoa picha kwenye simu kwenda kompyuta ya nyumbani. Wiki iliyopita simu ilijaa, nikafuta picha za harusi ya kaka yangu, nikijua ziko salama nyumbani. Nimefika nyumbani, hazipo! Hii programu ni nzuri kweli? Na huyu dada atumie ipi kutoa picha kwenye simu?

---

Mwalimu_wa_Muni — saa 2:20 asubuhi

Pole sana binti. Programu ilifanya ulichoiagiza bila wewe kujua: kulandanisha ni kufanya pande mbili zifanane, na kufuta ni badiliko kama badiliko lingine. Usiandike kitu kipya kwenye diski ile ya nyumbani kwa sasa. Kwanza angalia pipa la picha ndani ya simu, simu nyingi hushika picha zilizofutwa kwa siku kadhaa. Zikiwapo, zirudishe, nazo zitarudi nyumbani pia.

Halafu kwenye kompyuta ya nyumbani fungua folda hiyo ndani ya Syncthing, sehemu ya `File Versioning`, uchague `Trash Can File Versioning`. Ni lazima iwekwe upande wa nyumbani, kwa sababu hushika kile ambacho mashine *nyingine* imefuta. Ukiiweka kwenye simu haikusaidii kwa jambo hili. Baada ya hapo vilivyofutwa vitakaa ndani ya folda ya `.stversions`.

(Dada mwenye uzi anataka kuchukua faili kutoka kompyuta, si picha kwenye simu.)

---

nyaya_na_seva — saa 3:12 asubuhi

Mwalimu amesema kweli kuhusu 2021. Lakini turudi kwa ramani ya dada. Anasema anataka *faili lolote*. Syncthing huleta folda uliyoichagua kabla ya safari. Lile ambalo hukulifikiria, la mteja wa miaka minne iliyopita, halimo. Na kulandanisha diski nzima ya ramani zilizoskaniwa kwenye laptopu, kwa bando la simu, ni kuunguza pesa.

Ushauri wangu ni vyombo viwili, kila kimoja na kazi yake. Kazi zinazoendelea ziwe kwenye folda ndogo ya Syncthing, ili ziwe nawe hata Koboko mtandao ukiwa hafifu. Ghala lote lingine lichukuliwe kwa SFTP juu ya Tailscale. Folda ya pamoja ibaki ya nyumbani.

Ukirudi Bombo, fungua PowerShell kama msimamizi kwenye kompyuta ya mezani:

```
Add-WindowsCapability -Online -Name OpenSSH.Server~~~~0.0.1.0
Start-Service sshd
Set-Service -Name sshd -StartupType Automatic
powercfg /change standby-timeout-ac 0
```

Mstari wa mwisho unaizuia kompyuta isilale. Kompyuta iliyolala haijibu, nawe ukiwa mbali utadhani mtandao umekatika. Kisha weka Tailscale kwenye mashine zote mbili kwa akaunti moja. Usifungue poti yoyote kwenye ruta.

---

Fundi_Tororo — saa 3:30 asubuhi

Nakubali kuhusu 445 kwenye intaneti wazi. Lakini akiishaweka hiyo Tailscale, folda yake ya pamoja itafunguka kutoka Arua kama yuko sebuleni. SFTP ya nini tena?

---

nyaya_na_seva — saa 3:51 asubuhi

Itafunguka, kweli. Ila si kama sebuleni. Folda ya pamoja imezoea waya mfupi: programu inauliza kipande, inangoja, inauliza kingine. Ndani ya nyumba kungoja huko hakuonekani. Kwa safari ya Arua hadi Bombo kupitia minara, kila swali linangoja, na maswali ni mengi. Ukifungua hati moja kwa moja kutoka huko, Word inaganda. Mtandao ukikatika katikati ya kuhifadhi, hati inaweza kuharibika.

Na kunakili kwa kuburuta na panya kukikatika kwenye asilimia 90, unaanza upya. SFTP inaendelea pale ilipoachia.

---

Fundi_Tororo — saa 4:08 asubuhi

Hapo kwenye kuanza upya nakukosoa kaka. Usiburute, tumia `robocopy` na `/Z`. Inaendelea ilipokatikia, hata kwa folda ya pamoja:

```
robocopy \\mezani\Kazi\Arua C:\Kazi ramani-3.tif /Z
```

---

nyaya_na_seva — saa 4:15 asubuhi

Hilo ni sahihi, nilikuwa nimelisahau. Asante.

---

Mama_Vipimo — Jumapili, saa 12:40 jioni

Nimefika nyumbani tangu Ijumaa, nimeweka yote. Nimetengeneza ufunguo kwenye laptopu kwa `ssh-keygen -t ed25519`, nikaunakili ule wa hadharani ndani ya `.ssh\authorized_keys` kwenye kompyuta ya mezani. Lakini kila nikiunganisha inaniomba nywila. Nikiandika ile namba ya tarakimu nne ninayofungulia kompyuta, inakataa. Nimekosea wapi?

---

nyaya_na_seva — saa 1:22 usiku

Mambo mawili, na yote huwakwaza watu wengi.

Kwanza, namba ile ya tarakimu nne ni ya kufungulia ukiwa umekaa mbele ya mashine tu. Kwa SFTP, na hata kwa folda ya pamoja, inatakiwa nywila kamili ya akaunti.

Pili, bila shaka akaunti yako ni ya msimamizi. Kwa wasimamizi, Windows haisomi `authorized_keys` ya mtumiaji. Inasoma faili moja tu, tena inalikataa kimyakimya kama mtu mwingine ana ruhusa juu yake. Bandika ufunguo wako humo, kisha rekebisha ruhusa:

```
notepad C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys
icacls.exe "C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys" /inheritance:r /grant "Administrators:F" /grant "SYSTEM:F"
```

Angalia Notepad isikuongezee `.txt` mwishoni mwa jina. Na ujaribu ukiwa umeiunganisha laptopu na intaneti ya simu yako, si waifai ya nyumbani. Jaribio la ndani ya nyumba halikuambii kitu kuhusu Arua.

---

Mama_Vipimo — saa 2:05 usiku

Imekubali! Ilikuwa `.txt`, kama ulivyosema. Kesho alfajiri naondoka.

---

Mama_Vipimo — Jumatano, saa 4:50 asubuhi

Ndugu zangu, naandika kutoka Arua. Jumatatu jioni nilifanya hivi:

```
sftp vipimo@mezani
sftp> cd /D:/Kazi/Arua
sftp> ls -lt
sftp> get ramani-3.tif
```

Hiyo `ls -lt` ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Imepanga ramani zote tatu kwa tarehe, ya karibuni juu, nikaona kwa macho yangu ipi ni ya baada ya masahihisho. Kijana asingeweza kujua.

Nilipima kabla: ruta ya nyumbani inapandisha megabiti 2 tu kwa sekunde, kwa hiyo megabaiti 180 zilihitaji kama dakika 12. Upande wangu wa Arua ulikuwa na kasi zaidi lakini haikusaidia, kinachobana ni kile cha nyumbani kinachotuma. Dakika ya saba mtandao ukakatika. Niliunganisha tena, nikaandika `reget ramani-3.tif`, ikaendelea ilipoishia. Jana mpaka umewekwa, majirani wote wawili wametia sahihi.

Lakini leo mashine haionekani kabisa. Tailscale inaiandika haipo. Kijana anasema umeme ulikatika usiku ukarudi, na kompyuta imewaka, iko kwenye skrini ya kuingilia. Kama imewaka, kwa nini siioni?

---

nyaya_na_seva — saa 5:20 asubuhi

Hongera kwa mpaka! Kuhusu leo: `sshd`, ile huduma inayopokea SFTP, huanza pamoja na Windows, hata kabla ya mtu kuingia. Tailscale kwenye Windows kwa kawaida hungoja mtu aingie. Kwa hiyo mlango uko wazi ndani ya nyumba lakini barabara ya kuufikia haipo. Kijana aingie kwa akaunti yako mara moja, kisha abofye alama ya Tailscale pembeni mwa saa, kwenye mapendeleo awashe `Run unattended`. Tangu hapo itaunganika yenyewe.

Syncthing nayo iko hivyohivyo, wengi huiweka ianze mtu akiingia. Ukitaka ianze na mashine, ipange kwenye Task Scheduler.

Na una bahati kompyuta imewaka yenyewe. Wengine wataikuta imezimika hadi mtu abonyeze kitufe. Hilo hubadilishwa ndani ya BIOS, mahali palipoandikwa kitu kama `Restore on AC Power Loss`, jina hutofautiana kwa mashine.

---

Mwalimu_wa_Muni — saa 5:45 asubuhi

Ndiyo maana nyumbani kwangu kazi hiyo niliipa laptopu kuukuu. Betri yake inaivusha saa moja na nusu bila umeme. Tatizo ni ruta, nayo inataka umeme wake. Niliifunga kwenye betri ndogo ya sola. Na kuna siku Yaka iliisha nikiwa safarini, hapo hakuna programu iliyonisaidia, nilinunua yuniti kwa simu na kumtumia jirani tarakimu akaziingize kwenye mita.

---

Mama_Vipimo — saa 7:30 mchana

Imerudi. Nimejaribu `tailscale ping mezani`, inajibu `via DERP(nai)`. Ni nini hiyo?

---

nyaya_na_seva — saa 7:41 mchana

Maana yake mashine zako zimeshindwa kuonana uso kwa uso, zinapitia mpokezaji aliye Nairobi. Mafaili bado yamefumbwa, ila kasi hupungua. Wakati mwingine baada ya majibu machache huhamia njia ya moja kwa moja, wakati mwingine haihami, hasa pande zote mbili zikiwa laini za simu. Kwa faili moja moja usihangaike nayo.

---

mlinzi_wa_funguo — saa 2:15 usiku

Nimesoma uzi wote kwa makini, na kuna swali ambalo hakuna aliyeuliza. Tailscale ndiyo inayosema mashine ipi ni ya dada na ipi si yake. Akaunti yake ikiibwa, mwizi anaongeza mashine yake kwenye mtandao uleule. Ramani za ardhi za watu si jambo dogo hapa kwetu. Mimi nimekodi seva ndogo ya nje, na kompyuta ya nyumbani inajifunga kwake:

```
ssh -N -R 2222:localhost:22 mtu@seva
```

Kisha kutoka popote naingia kwenye seva, na kupitia humo nafika nyumbani. Hakuna kampuni katikati inayogawa ruhusa.

---

nyaya_na_seva — saa 2:40 usiku

Hoja yako ni ya haki. Hata hivyo, mwizi akifika kwenye mtandao wake bado atakuta `sshd` inamdai ufunguo ulio kwenye laptopu au nywila kamili ya akaunti. Dada, uwashe pia uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti hiyo, leo.

Ila njia yako ina mzigo wake kaka. Seva ya nje lazima ilipiwe kila mwezi na isasishwe, na kamba hiyo ikikatika usiku lazima kuwe na kitu cha kuifunga tena. Wewe unaweza. Mtu aliye shambani Moyo na mkanda wa kupimia mkononi, sina hakika.

---

mlinzi_wa_funguo — saa 3:02 usiku

Kuifunga tena ni kazi ya mara moja, ukiishaipanga inajifunga. Bado nasema data za wateja zisitegemee akaunti moja ya barua pepe.

---

Mama_Vipimo — saa 3:30 usiku

Nimewasha hatua mbili sasa hivi. Hiyo ya seva nitaifikiria nikipata mtu wa kukaa nami, sitaki kuweka nisichoweza kukitengeneza kikiharibika.

Fundi wa Tororo, nimejaribu pia folda yako juu ya Tailscale. Ilifunguka, lakini orodha ya folda yenye mafaili 400 ilichukua karibu dakika nzima kuonekana, na hati ya Word ya kurasa sita iliganda nikaifunga. `robocopy` ilileta faili vizuri.

---

binti_Jinja — saa 4:05 usiku

Mwalimu, picha 212 nimezikuta kwenye pipa la simu na zimerudi hadi nyumbani. Zile za siku ya kwanza hazikuwamo. Diski ya nyumbani sijaigusa tangu uliponiambia. Kuna aliyewahi kutoa picha zilizofutwa kwenye SSD? Nimeambiwa ni ngumu kuliko diski ya zamani.